Sura ya Nne: Mishale Mitatu kwenye Pete Moja

Pete ndogo ya chuma imelazwa juu ya meza, imefungwa kamba tatu, na watu watatu wanavuta kwa pamoja. Wa kwanza anavuta kwa nyutoni 50 kuelekea mashariki. Wa pili anavuta kwa nyutoni 40, na kamba yake imetengana na ile ya kwanza kwa nyuzi 60 kuelekea kaskazini. Wa tatu anavuta kwa nyutoni 30 kuelekea kaskazini-magharibi, katikati kabisa ya kaskazini na magharibi. Pete inavutwa kwa kani kiasi gani, na kuelekea wapi?

Swali la namna hii ndilo hufungua mazoezi mengi ya mekanika ya sekondari, na mwanafunzi mwenye haraka hujibu 120, kwa sababu 50 na 40 na 30 ni 120. Hesabu ni sahihi lakini jibu si sahihi. Nyutoni 120 zingepatikana kama wote watatu wangevuta upande mmoja, bega kwa bega. Hapa mtu wa tatu anavuta kwa sehemu fulani kinyume na mtu wa kwanza, kwa hiyo baadhi ya jasho la hawa wawili linaishia kwenye kukaza kamba tu, bila kuisogeza pete hata kidogo.

Kani ina ukubwa na ina uelekeo, na ukiacha kimoja umeacha nusu ya habari. Ndiyo maana tunaichora kama mshale: urefu wa mshale unasema ukubwa, ncha yake inasema uelekeo. Kujumlisha kani ni kujumlisha mishale, na mishale ina namna yake ya kujumlishwa. Ziko njia mbili. Moja inataka rula na protrakta, nyingine inataka kikokotoo. Mazoezi mengi huagiza zote mbili katika swali moja, na wanafunzi wengi huona kwamba wanarudishwa kazi ileile mara mbili. Nitalifanya swali hili la pete kwa njia zote mbili, hatua kwa hatua, ili ionekane kila njia inakamata kosa gani ambalo nyingine inaliachia lipite.

Tuanze na rula. Jambo la kwanza ni skeli, na hapo ndipo michoro mingi huharibika kabla hata penseli haijagusa karatasi. Tukisema sentimita 1 isimame badala ya nyutoni 20, mishale yetu itakuwa na urefu wa sentimita 2.5, 2 na 1.5. Mchoro mzima utaenea kwenye kiganja cha mtoto, na kila milimita utakayokosea itakuwa kosa la nyutoni 2. Tukisema sentimita 1 isimame badala ya nyutoni 5, mishale itakuwa ya sentimita 10, 8 na 6. Milimita moja sasa ni nusu nyutoni tu. Mchoro utachukua upana wa sentimita 14 na kimo cha sentimita 11 hivi, na karatasi ya kawaida ya A4 inautosha kwa nafasi. Kanuni ni moja: chagua skeli itakayojaza karatasi, na iwe skeli yenye namba rahisi. Skeli ya nyutoni 7 kwa sentimita inaweza kujaza karatasi vizuri, lakini itakuletea desimali ndefu katika kila mshale, na kila desimali ni mlango wa kosa. Andika skeli pembeni ya mchoro kabla ya kuanza, maana mchoro usio na skeli hauna maana kwa yeyote anayeusoma.

Chonga penseli. Weka alama ndogo upande wa kushoto, chini ya karatasi. Hapo ndipo mwanzo. Kutoka hapo chora mstari mlalo wa sentimita 10 kwenda kulia, uweke ncha. Huo ndio mshale wa mtu wa kwanza.

Sasa nenda kwenye ncha ya mshale huo, wala usirudi mwanzo. Chora mstari hafifu unaoendelea kulia, sambamba na ukingo wa chini wa karatasi, kwa ajili ya kuwekea protrakta tu. Weka kitovu cha protrakta juu ya ncha, pima nyuzi 60 kutoka kwenye mstari huo hafifu kupanda juu, kisha chora sentimita 8. Angalia vizuri namba unayoisoma. Protrakta ina safu mbili za namba, moja inaanzia kulia na nyingine inaanzia kushoto, na mahali palipoandikwa 60 kwenye safu moja ndipo palipoandikwa 120 kwenye nyingine. Anayesoma safu isiyo yake atapata mshale unaoegemea kushoto, wakati mtu wa pili anavuta kuelekea kulia na juu. Jicho hulikamata kosa hilo mara moja, ila ni lazima ujiulize: je, mshale huu unaegemea upande ambao kamba inaegemea?

Kwenye ncha ya mshale wa pili chora tena mstari hafifu mlalo. Mtu wa tatu anavuta kaskazini-magharibi, kwa hiyo mshale wake unapanda kwa nyuzi 45 kutoka upande wa kushoto. Chora sentimita 6. Mishale mitatu sasa imefuatana, kila mmoja ukianzia mwenzake ulipoishia.

Jibu ni mshale wa nne. Unaanzia kwenye alama ya mwanzo kabisa na kuishia kwenye ncha ya mshale wa mwisho. Upime: utapata karibu sentimita 14.8. Zidisha kwa 5, ni nyutoni 74. Pima pembe yake kutoka mstari wa mashariki: karibu nyuzi 49. Kani tatu za watu watatu ni sawa na kani moja ya nyutoni 74 inayoelekea nyuzi 49 kaskazini mwa mashariki. Hiyo kani moja inayoweza kuchukua nafasi ya zote huitwa kani tokeo.

Ncha ya mshale huo wa nne ni jambo la kuangaliwa sana. Ukiuchora kutoka mwisho kurudi mwanzo, umepata kani yenye ukubwa uleule lakini inayoelekea kinyume, kusini-magharibi. Hiyo ni kani ambayo mtu wa nne angepaswa kuvuta ili pete itulie palepale. Nayo huulizwa kwenye mazoezi, tena mara nyingi katika kipengele kinachofuata cha swali hilohilo. Soma swali linataka ipi. Kani tokeo hutoka mwanzo kwenda mwisho, na kani ya kusawazisha hufunga njia kwa kurudi mwanzo. Pete ikiwa imetulia, mishale yote ya kani zinazoigusa, ikifuatanishwa, hurudi ilikoanzia bila kuacha pengo.

Kuna uhakiki mmoja wa bei nafuu ambao watu wachache huufanya. Chukua karatasi ya pili, uchore mishale ileile kwa mpangilio mwingine: anza na ule wa tatu, kisha wa kwanza, kisha wa pili. Umbo litakuwa jingine kabisa, lakini mwisho utaangukia mahali palepale, sentimita 14.8 kutoka mwanzo, nyuzi 49. Usipoangukia hapo, kuna mshale uliopimwa vibaya katika mojawapo ya karatasi hizo.

Vitabu vingine huanza na msambamba: kani mbili huchorwa kutoka nukta moja, msambamba hukamilishwa, na ulalo wake ndio jibu. Ni jambo lilelile, maana upande wa pili wa msambamba ni ule mshale wa pili uliohamishwa. Lakini msambamba hula kani mbili kwa mara moja. Kwa kani tatu itabidi ujenge msambamba wa kwanza, uchukue ulalo wake, ujenge wa pili, na karatasi itajaa mistari. Kwa kani zaidi ya mbili mimi napendekeza kufuatanisha mishale.

Mwanafunzi ana haki ya kuuliza: nani kasema kani zinajumlishwa hivi? Isaac Newton alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha Principia, kilichochapwa mwaka 1687. Mara tu baada ya kuzitaja sheria zake tatu za mwendo, natija ya kwanza aliyotoa ndiyo hii: kitu kikisukumwa na kani mbili kwa pamoja hupita kwenye ulalo wa msambamba, katika muda uleule ambao kingepita kwenye pande zake kama kila kani ingefanya kazi peke yake. Mwaka huohuo Mfaransa Pierre Varignon naye alichapisha andiko lililojenga elimu ya kani zilizotulia juu ya kujumlisha kani kwa namna hii.

Lakini hakuna haja ya kumwamini Newton kwa jina tu. Punguza kani zetu mara kumi, ziwe nyutoni 5, 4 na 3, ili mizani za springi za maabara ziweze kuzibeba. Bandika karatasi kwenye ubao uliolazwa, weka pete katikati, uivute kwa mizani tatu kwa pembe zilezile tulizochora. Mizani ya nne ivute kuelekea kusini-magharibi mpaka pete itulie. Itasoma karibu nyutoni 7.4. Isiposoma hivyo, tafuta kwanza mizani ambayo mshale wake haukuanzia sifuri kabla ya kuning'inizwa kitu, kisha tafuta kamba inayokwaruza ukingo wa ubao, kwa sababu msuguano wa kamba ni kani ya tano ambayo hukuichora.

Sasa njia ya pili. Mchoro hauwezi kutupa usahihi zaidi ya ukali wa penseli na jicho, na kani zikiwa saba au kumi mchoro unachosha. Tunachofanya ni kugawa kila kani katika vijenzi viwili, kimoja mlalo na kimoja wima. Fikiria jua likiwa utosini na kijiti kimeinamishwa: kivuli chake ardhini ndicho kijenzi mlalo. Kijiti kikisimama wima hakina kivuli, na kikilazwa kivuli kinalingana na urefu wake. Kivuli hakizidi kijiti kamwe, na kijenzi hakizidi kani yake kamwe. Ukipata kijenzi cha nyutoni 52 kutoka kwenye kani ya nyutoni 40, simama hapo, usiendelee.

Ikiwa pembe imepimwa kutoka mstari mlalo, kijenzi mlalo ni kani mara cos ya pembe, na kijenzi wima ni kani mara sin ya pembe. Twende mmoja mmoja, mashariki na kaskazini zikiwa chanya.

Mtu wa kwanza anavuta mashariki moja kwa moja. Kijenzi chake mlalo ni 50, na wima ni 0.

Mtu wa pili: mlalo ni 40 × cos 60 = 20, na wima ni 40 × sin 60 = 34.64.

Mtu wa tatu: pembe ni nyuzi 45 kutoka magharibi. Ukubwa wa vijenzi vyake ni 30 × cos 45 = 21.21 na 30 × sin 45 = 21.21. Cha wima kinaelekea kaskazini, kwa hiyo ni chanya. Cha mlalo kinaelekea magharibi, kwa hiyo ni −21.21.

Vijenzi mlalo vyote viko kwenye mstari mmoja, hivyo sasa vinajumlishwa kama namba za kawaida: 50 + 20 − 21.21 = 48.79. Vya wima: 0 + 34.64 + 21.21 = 55.85. Kani tatu zimebaki mbili zinazokatana kwa pembe mraba, na hapo kanuni ya Pithagorasi inamaliza kazi: kipeuo cha pili cha jumla ya 48.79² na 55.85² ni 74.16. Uelekeo wake ni pembe ambayo tan yake ni 55.85 ÷ 48.79, yaani nyuzi 48.9. Mchoro ulisema 74 na 49. Njia zimekutana.

Tazama ile alama ya kutoa kwenye −21.21, kwa kuwa ndiyo inayosahaulika kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii. Tuseme mwanafunzi ameiacha. Jumla yake ya vijenzi mlalo inakuwa 91.21, na jibu linakuwa nyutoni 107, nyuzi 31.5. Je, kuna kitu kwenye hesabu yake kitakachomwambia kwamba amekosea? Kijenzi hakikuzidi kani. Jibu halikuzidi 120, ambayo ni jumla ya juu kabisa inayowezekana. Kila mstari wa hesabu ni safi. Akilinganisha na mchoro, hata uliochorwa kwa mkono bila rula, ataona mshale wa mwisho unarudi kushoto na jibu linapanda kwa pembe iliyopita 45, wakati lake limelala kwa 31. Hapo ndipo atakapogundua. Kikokotoo hakijui kamba ya tatu inaelekea wapi. Alama ya chanya au hasi anaiweka mtu, na anaitoa kwenye picha.

Kosa la pili la kikokotoo linakuja wakati wa kutafuta pembe ya jibu. Ongeza mtu wa nne anayevuta magharibi kwa nyutoni 80. Jumla ya mlalo sasa ni 48.79 − 80 = −31.21, na ya wima inabaki 55.85. Ukubwa ni nyutoni 64. Bonyeza tan⁻¹ ya 55.85 ÷ −31.21 na kikokotoo kitakujibu −60.8. Pembe hasi inamaanisha chini ya mstari wa mashariki, yaani kusini-mashariki. Lakini kijenzi wima ni chanya, kwa hiyo kani inapanda kaskazini, na kijenzi mlalo ni hasi, kwa hiyo inaelekea magharibi. Uelekeo wa kweli ni 180 − 60.8, nyuzi 119.2 kutoka mashariki. Kikokotoo hakikosei kwa hila. Ulipogawanya namba mbili, habari ya kwamba ni ipi iliyokuwa hasi ilipotea, na mishale miwili inayotazamana kinyume hutoa mgawanyo uleule. Dawa ni kuchora vijenzi viwili vya jibu kwenye pembe ya karatasi, −31 kwenda kushoto na 56 kwenda juu, na kuona mshale umeangukia robo ipi.

La tatu ni la mpangilio wa kikokotoo chenyewe. Kikiwa kwenye radiani badala ya digrii, 40 × cos 60 inatoa −38.1. Kamba inayoegemea kulia haiwezi kutoa kijenzi cha kushoto, na mtu aliyechora kwanza hatahitaji kuambiwa. Kabla ya zoezi bonyeza cos 60 peke yake. Ikitoa 0.5, endelea.

Mpaka hapa vijenzi vimekuwa mlalo na wima, na wanafunzi wengi hubaki na imani kwamba ndivyo vinavyopaswa kuwa siku zote. Swali linalofuata katika mazoezi mengi linavunja imani hiyo: sanduku lenye uzito wa nyutoni 200 limewekwa juu ya ubao ulioinama kwa nyuzi 30. Kani kiasi gani inalivuta sanduku kuteremka?

Uzito unaelekea chini moja kwa moja, lakini sanduku haliwezi kwenda chini moja kwa moja kwa sababu ubao umelizuia. Linaweza kwenda kwa kufuata ubao tu. Kwa hiyo tunainamisha vijenzi vyetu: kimoja kifuate ubao, kingine kiukandamize ubao kwa pembe mraba. Kinachofuata ubao ni 200 × sin 30 = 100. Kinachokandamiza ni 200 × cos 30 = 173.

Mbona sin imekuja mahali pa cos? Kwa sababu pembe ya 30 imepimwa kati ya ubao na sakafu, wakati pembe kati ya uzito na ubao ni 60, na cos 60 ni sawa na sin 30. Anayekariri kwamba kijenzi cha kwanza huwa na cos ataanguka hapa. Njia ya kujihakikishia ni kuulaza ubao kichwani mwako mpaka pembe iwe sifuri. Juu ya sakafu tambarare hakuna kinacholivuta sanduku pembeni, kwa hiyo kijenzi kinachofuata ubao lazima kiwe sifuri. Sin 0 ni sifuri. Cos 0 ni 1. Umeshajua ipi ni ipi, bila kukariri.

Na ukishaugawa uzito katika vijenzi, ufute mshale wa uzito kwenye mchoro, au uukate kwa kistari. Vijenzi vimechukua nafasi yake. Anayebaki na mishale yote mitatu na kuijumlisha amelihesabu sanduku moja kama masanduku mawili.

Kabla ya Newton kuzaliwa, Simon Stevin, aliyezaliwa Bruges mwaka 1548, alilifikia jibu la mteremko bila sin wala cos. Katika kitabu chake cha mwaka 1586 alichora pembetatu iliyosimama, upande mmoja wa mteremko ukiwa na urefu mara mbili ya mwingine, akaizungushia mkufu wa mipira 14 inayolingana. Mipira minne ilikaa kwenye upande mrefu, miwili kwenye upande mfupi, na minane ikaning'inia chini. Akasema: kama mipira minne ingeishinda ile miwili, mkufu ungezunguka, lakini baada ya kuzunguka hali ingekuwa ileile kama mwanzo, na ungezunguka milele bila kusukumwa na chochote. Hilo haliwezekani. Kwa hiyo mipira minne kwenye mteremko mrefu inalingana na miwili kwenye mfupi, na kadiri mteremko unavyokuwa mrefu kwa kimo kilekile ndivyo mvuto wake unavyopungua kwa kiwango hichohicho. Ubao wa nyuzi 30 una urefu mara mbili ya kimo chake. Sanduku letu la nyutoni 200 linateremshwa na nyutoni 100, nusu kamili, kama Stevin angetarajia.

Swali la mwisho ni la kamba iliyofungwa kati ya nguzo mbili, na katikati yake pametundikwa taa yenye uzito wa nyutoni 40. Kila upande wa kamba umeinama kwa pembe ileile chini ya mstari mlalo. Kamba imekazwa kwa kani gani?

Taa imetulia, kwa hiyo vijenzi wima vya pande mbili za kamba vinaubeba uzito wote. Tukiita mkazo wa kamba T, basi 2 × T × sin ya pembe ni 40. Kamba ikiinama kwa nyuzi 30, T ni nyutoni 40. Ukichora, mishale mitatu inafunga pembetatu yenye pande sawa, nzuri kuitazama. Sasa mwenye nyumba anaichukia kamba inayoning'inia, anaikaza mpaka imeinama kwa nyuzi 5 tu. T inakuwa 40 ÷ (2 × 0.0872), karibu nyutoni 229. Taa ni ileile, lakini kamba sasa inabeba kani inayokaribia mara sita ya uzito wa taa, na misumari iliyo kwenye nguzo inavutwa hivyohivyo.

Hapa mchoro wa skeli unafikia ukomo wake, na ni vizuri mwanafunzi auone ukomo huo mwenyewe. Pembetatu ya kani imekuwa nyembamba kama sindano: upande mmoja wa nyutoni 40 na mirefu miwili ya 229. Kwa skeli ya nyutoni 20 kwa sentimita, ni sentimita 2 kwa zaidi ya 11. Ukikosea protrakta kwa nyuzi moja tu, ukachora 4 badala ya 5, mistari miwili mirefu itakutana mbali zaidi, na jibu litakuwa karibu nyutoni 287. Kosa la nyuzi moja limeongeza nyutoni 57. Kwenye swali la pete, kosa la nyuzi moja katika mshale mmoja lisingefikia hata nyutoni moja. Kwa hiyo unapoona mistari miwili ya mchoro wako inakutana kwa pembe kali sana, usiiamini rula. Tumia vijenzi upate namba, na mchoro ubaki wa kukuonyesha sura tu.

Endelea kuikaza kamba. Nyuzi 2, nyuzi 1, nusu. Sin inakaribia sifuri na T inapanda bila kikomo. Kwa nyuzi sifuri hakuna jibu, kwa sababu kamba iliyonyooka mlalo kabisa haina kijenzi chochote cha wima cha kuibeba taa, hata ikivutwa kwa nguvu kiasi gani. Ndiyo maana waya wa umeme kati ya nguzo mbili hulegezwa makusudi wakati wa kufungwa, na kila kamba iliyobeba mzigo, hata ikikazwa namna gani, huinama.